Habari Iliyofichwa Nyuma ya "Kwamba"

Herufi 84 zilipita kabla mkulima hajaambiwa jambo lolote. Nilizihesabu mwenyewe, nikijumlisha nafasi na alama, kwenye karatasi ya daftari ambayo katibu wa kikundi cha akina mama wakamuaji wa mawese aliiweka juu ya meza ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Alitaka niisahihishe kabla hajaituma kwa wakulima kama ujumbe mfupi wa simu. Alikuwa amefuatana na mwenyekiti wake, mama mtu mzima anayepima maneno yake, na wote wawili walikuwa wamelifanyia kazi tangazo lile usiku kucha. Lilisomeka hivi:

"Sisi wanakikundi tunayo furaha kubwa kuwatangazia wakulima wote wa michikichi kwamba kikundi chetu kimepiga hatua kubwa ya kimaendeleo kwa kufanikiwa kununua mashine ya kisasa ya kukamua mawese."

Kisarufi sentensi hii haina kosa. Imeandikwa kwa adabu, na kila neno lake limewahi kutumika mahali pengine kwa uzito. Hata hivyo, ina herufi 194, wakati ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 tu, kwa hiyo ilikuwa lazima iende kama ujumbe wa sehemu mbili. Na pamoja na urefu huo haikumwambia mkulima mashine inaanza kazi lini, wala yeye atanufaika kwa namna gani. Zaidi ya nusu ya nafasi ya ujumbe wa kwanza ilikuwa imetumika kueleza kwamba kuna watu wenye furaha na kwamba watu hao wanatangaza.

Kabla ya kufungua steshenari nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi, ndiyo maana wateja wengi huniita mwalimu hadi leo. Nakiri kwamba maneno "tunayo furaha kubwa kuwatangazia" nimeyachapa mara nyingi kuliko jina la mkoa huu. Yamo katika matangazo ya harambee, ya mahafali, ya maduka mapya, ya vijana waliopata kazi, ya vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa muda mrefu niliyahesabu kuwa uchovu wa masikio tu, kwamba yamesikika mno. Leo naona tatizo lake ni kubwa zaidi, nalo linaonekana katika muundo wa sentensi yenyewe.

Katika sentensi ya akina mama wale, mtenda ni "sisi", na kiarifu kikuu ni "tunayo furaha". Hilo ndilo jambo ambalo sentensi inalitamka kwa sauti yake kamili. Ununuzi wa mashine, ambao ndio habari, umesukumwa nyuma ya neno "kwamba" na kuwa kishazi tegemezi, kama mgeni wa heshima aliyekaribishwa kukaa jikoni. Msomaji anayepitisha macho haraka huchukua kile kilichowekwa mbele. Simu nazo husaidia kuharibu zaidi, kwa sababu ujumbe unapoingia kioo huonyesha maneno ya mwanzo tu, na mwenye simu huamua kwa maneno hayo kama ataufungua sasa, ataufungua jioni, au hataufungua kabisa. Mkulima aliye shambani angeona "Sisi wanakikundi tunayo furaha kubwa" na kudhani ni mwaliko wa sherehe au ombi la mchango.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ililia kwanza ili watu waache majembe na kusikiliza, na mlio wake haukuwa na habari ndani yake. Ulikuwa ni wito. Mtu anayesimama mbele ya watu ukumbini naye huhitaji wito wa namna hiyo, kwa sababu viti vinasogezwa, watoto wanalia, na akisema jambo lake katika pumzi ya kwanza nusu ya watu hawatalisikia. "Napenda kuchukua fursa hii" ina kazi ukumbini: inawapa watu muda wa kutulia. Lakini ujumbe wa simu umekwisha kupigiwa mbiu na simu yenyewe. Imelia, au imetetemeka mfukoni, na mwenyewe amekwisha kuitoa. Tunapoandika tena maneno ya wito tunapiga mbiu ya pili kwa mtu aliyekwisha kufika uwanjani na anayesubiri kuambiwa jambo.

Niliwaeleza hayo akina mama wale kwa maneno machache kuliko haya, kisha tukaanza kazi.

Hatua ya kwanza ni rahisi kiasi kwamba hufanyika kwa kalamu tu. Tafuta neno "kwamba", au "kuwa", au "ya kwamba" katika sentensi ya kwanza, ukate kila kilicho kabla yake, kisha ujiulize kama kuna taarifa yoyote iliyopotea. Tulipokata, walibaki na: "Kikundi chetu kimepiga hatua kubwa ya kimaendeleo kwa kufanikiwa kununua mashine ya kisasa ya kukamua mawese." Hakuna kilichopotea isipokuwa "wakulima wote wa michikichi", nao walikuwa ndio wanaotumiwa ujumbe, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwataja.

Watu wengi huishia hapa, na ni kosa, kwa sababu maneno yaliyochakaa hayakai peke yake. Baada ya kuondoa furaha, tunakuta "kupiga hatua kubwa ya kimaendeleo", ambayo inaweza kusemwa juu ya choo, barabara, au mtaji ulioongezeka. Tunakuta pia "kwa kufanikiwa kununua". Mtu aliyenunua amefanikiwa kununua. Kitenzi "kununua" kinajitosheleza. Na "ya kisasa" haimwambii mkulima chochote, maana kila mashine inayouzwa huitwa ya kisasa. Tulipomaliza kukata, sentensi ilikuwa: "Tumenunua mashine ya kukamua mawese."

Hapa Kiswahili chenyewe hutusaidia kuliko tunavyokikumbuka. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na tendo katika neno moja, na pale panapohitajika hubeba hata mtendwa. "Tumenunua" ni neno moja, lakini ndani yake mmekaa watu, tendo lililokamilika na matokeo yanayoendelea hadi sasa, kwa sababu ya ile "-me-". Katika Kiswahili habari inaweza kuanza na kukamilika katika neno la kwanza kabisa: "Imefika." "Wamerudi." "Zimepanda." Mwandishi mwenye lugha inayomruhusu kufanya hivyo hana sababu ya kuazima ngazi ya maneno matano ili kukifikia kitenzi chake.

Kuna pia umbo ambalo naona tumelisahau katika matangazo, nalo ni lile la kuanza na mahali. Ukisema "Kisima kimechimbwa", unazungumza na mtu anayekijua kisima hicho, aliyekuwa anaulizia habari zake. Ukisema "Kumechimbwa kisima nyuma ya zahanati", unamletea mtu kitu ambacho hakukijua. Tofauti hii haihitaji neno hata moja la kutangaza. Kiambishi "ku-" mwanzoni kinatosha kumwambia msikilizaji kwamba jambo lijalo ni jipya. Wazee wetu wanapoingia uani na kusema "Kumetokea ajali pale njia panda", hakuna anayewauliza kama wana taarifa ya kutoa.

"Tumenunua mashine ya kukamua mawese" ilikuwa sahihi, fupi, na ya kweli. Mwenyekiti aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, sasa imekuwa kavu. Na mbona furaha tunayo kweli?"

Alikuwa na haki kwa mambo yote mawili, na kila moja linastahili jibu lake.

Kuhusu ukavu: sentensi ile ilikuwa kavu kwa sababu bado ilimhusu mnunuzi wa mashine, wala si mpokeaji wa ujumbe. Mkulima wa michikichi hapati chochote kwa kujua kwamba wengine wana mashine. Nikawauliza swali ambalo nimezoea kuliuliza kila mara ninapofika mahali hapa: kuna jambo gani ambalo mkulima ataweza kulifanya Jumatatu ijayo ambalo Ijumaa iliyopita hakuweza? Katibu alianza kueleza nguvu za injini. Mwenyekiti akamkatiza kwa upole. "Zamani mtu akileta chikichi zake," alisema, "alikuwa anasubiri zamu siku tatu, nyingine siku nne, kwa sababu ule mtambo wa kuzungusha kwa mikono unachosha. Sasa akileta asubuhi, jioni anaondoka na mafuta yake."

Nilimwomba ayarudie maneno hayo, nikayaandika kama alivyoyasema. Ndiyo yaliyokuwa habari. Na kwa anayezijua chikichi, yana uzito kuliko yanavyosikika kwa mgeni: tunda la mchikichi likishavunwa na kuchubuka, asidi huanza kuongezeka ndani ya mafuta yake, na hali hiyo husimama tu linapochemshwa. Siku tatu za kusubiri zamu ni siku tatu za mafuta kupungua ubora. Mkulima anayafahamu hayo, na ndiyo maana neno "jioni" lingemfanya asimame.

Nimeona jambo hili mara nyingi sana hata siwezi kulichukua kama bahati. Mtu huandika tangazo kwa lugha ya matangazo, halafu ukimwuliza kwa mdomo anakupa sentensi ya kwanza iliyo bora, tena bila kujitahidi, kwa sababu mdomoni anazungumza na mtu na kwenye karatasi anazungumza na hadhira. Kwa hiyo siku hizi siwaambii wateja watafute maneno mapya. Nawaomba wanisimulie kilichotokea, na kalamu ninayo mkononi.

Tukaandika: "Ukileta chikichi asubuhi, utaondoka na mawese jioni. Tumenunua mashine ya injini. Tunaanza Jumatatu saa 1 asubuhi. Njoo na dumu lako. Bei ni ileile." Herufi 148. Ujumbe mmoja, na nafasi ya herufi 12 ikabaki. Kwa kuwa ungetoka kwenye namba ya katibu, ambayo wakulima wote wameihifadhi, hapakuwa na haja ya kueleza mtumaji ni nani wala kikundi kiko wapi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ipasavyo. Mwenyekiti hakufurahi, alinyamaza na uso wake ukawa wa mtu anayepiga hesabu. Kisha akasema kwamba mashine inaweza kukamua haraka, lakini mapipa ya kuchemshia ni mawili tu, na mtu akifika saa 7 mchana chikichi zake haziwezi kuchemka, kukamuliwa na mafuta kusafishwa kabla ya giza. "Tukiandika asubuhi," alisema, "wengine asubuhi yao ni saa 5."

Kumbe ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu wazipende sentensi zile za zamani. "Tunayo furaha kubwa kuwatangazia" haiwezi kuwa uongo. Hakuna mkulima atakayekuja kudai furaha aliyoahidiwa. "Hatua kubwa ya kimaendeleo" haipimwi kwa saa wala kwa dumu. Lakini "utaondoka na mawese jioni" ni ahadi, na mtu atasimama nayo pale uani jua likizama. Mwanzo wenye habari humfunga mwandishi, na kabla ya kuutuma lazima aende akaukague kama anavyokagua deni. Sentensi tuliyokuwa tunaisifu ilikuwa nzuri, ila ilikuwa bado haijawa ya kweli.

Tukairekebisha: "Ukileta chikichi kabla ya saa 4 asubuhi, utaondoka na mawese jioni." Maneno "kabla ya saa 4" yaliongeza herufi 15, jumla ikawa 163, na tukavuka kikomo kwa herufi tatu. Hapakuwa na ugumu. Neno "asubuhi" la pili, lile lililofuata "saa 1", halikuhitajika tena, maana anayetakiwa kufika kabla ya saa 4 asubuhi hawezi kudhani kwamba kazi inaanza saa 1 usiku. Tulipoliondoa tulibaki na herufi 155:

"Ukileta chikichi kabla ya saa 4 asubuhi, utaondoka na mawese jioni. Tumenunua mashine ya injini. Tunaanza Jumatatu saa 1. Njoo na dumu lako. Bei ni ileile."

Katibu aliomba aongeze mwanzoni alama ya fataki, zile picha ndogo za rangi ambazo watu huzitumia kuonyesha shangwe. Nilimkatalia, na sababu yangu haikuwa ya ladha tu. Herufi 160 hupatikana pale ujumbe unapotumia herufi za kawaida za simu, na bahati nzuri Kiswahili hakihitaji nyingine. Ukiingiza picha moja tu ya namna ile, simu hubadilisha mfumo wa kuuandika ujumbe mzima, na kikomo hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wetu wa herufi 155 ungegeuka kuwa wa sehemu tatu kwa ajili ya fataki moja. Jambo hilohilo hutokea kwa ritifaa ya neno kama ng'ombe au ng'ambo, iwapo umeandika kwenye kompyuta na programu ikaibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyojikunja. Ile iliyonyooka haina tatizo. Ukiona ujumbe mfupi umehesabiwa kuwa wa sehemu mbili bila sababu inayoonekana, anza kwa kutafuta hapo.

Sasa kuhusu furaha. Mwenyekiti alikuwa na furaha ya kweli, na sikutaka kumnyang'anya. Ninachopinga ni kuiweka furaha mahali pa habari, na kuitaja pasipo sababu yake. Kwa ajili ya karatasi ambayo wangeibandika sokoni, ambapo nafasi ilikuwepo, tuliweka habari mstari wa kwanza kama kwenye ujumbe, kisha chini, baada ya saa na bei, tukaandika: "Fedha za mashine hii tumezichanga wenyewe kwa misimu mitatu, na usiku ilipowasili hakuna aliyekwenda kulala mapema." Neno furaha halimo. Lakini msomaji anayefika hapo anajua mashine ni nini, anajua imegharimu uvumilivu gani, na anaweza kufurahi pamoja nao. Furaha iliyotajwa mwanzoni, kabla ya sababu, humwacha msomaji nje, akiambiwa ashangilie jambo asilolijua.

Niseme pia juu ya dawa za uongo, maana zinaletwa mezani kwangu kila wiki. Ya kwanza ni kubadili visawe: mtu anaondoa "tunayo furaha kubwa" na kuweka "kwa bashasha isiyo kifani" au "kwa moyo mkunjufu kabisa". Muundo ni uleule, habari ipo palepale nyuma ya "kwamba", na maneno yenyewe sasa yanajionyesha zaidi. Ya pili ni swali: "Je, umewahi kujiuliza ni lini utapata mashine ya uhakika?" Mkulima hakujiuliza hivyo. Alijiuliza zamu yake itafika lini. Swali la namna hii limechakaa kuliko furaha, na linamfanya msomaji ajibu "hapana" kabla hajasoma mstari wa pili. Ya tatu ni kuficha: "Kuna jambo kubwa linakuja, kaa mkao wa kula." Hii inaweza kumfaa mwanamuziki ambaye wapenzi wake wanaona raha kusubiri. Mtu mwenye chikichi zinazoharibika hana raha ya kusubiri chochote.

Vijana wanaotangaza kazi mpya wana tatizo lao la pekee, kwa sababu kwao furaha huambatana na "safari mpya". Binti mmoja muuguzi, mtoto wa jirani yangu, alinionyesha maandishi aliyotaka kuyaweka kwenye ukurasa wake: "Nina furaha kubwa kuwatangazia kwamba nimeanza safari mpya katika taaluma yangu." Nilimwuliza amepangiwa wapi. Akataja kijiji cha mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ambacho yeye alikifikia kwa boti. Ndani ya maandishi yake kulikuwa na neno "safari", na safari ya kweli, ya maji na upepo, haikutajwa. Aliandika upya mwenyewe: "Jana jioni nilishuka kwenye boti nikiwa na sanduku moja na barua ya kuripoti zahanati." Sikumwongezea kitu.

Kuna mahali ambapo kalamu yangu husita, na ni haki niyataje, kwa sababu anayekata kila kitu hukata pia vilivyo hai.

Salamu si kijisehemu kilichochakaa. "Shikamoo mzee" au "Habari za asubuhi, mama" haitangazi jambo wala haishiki nafasi ya habari. Inaweka uhusiano kati ya watu wawili, na ujumbe unaokwenda kwa mtu mmoja mwenye heshima yake bila salamu utaonekana kuwa amri. Barua tulizofundishwa shuleni zilikuwa na mpaka ulio wazi: "Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni..." Salamu zilikuwa upande mmoja, jambo upande mwingine. Maneno "dhumuni la barua hii ni" naweza kuyakata bila majuto, lakini salamu naiacha. Katika ujumbe wa wakulima hatukuweka salamu kwa kuwa ulikuwa tangazo la watu wengi, na katibu aliahidi kuwapigia simu wazee wawili ambao wangeona vibaya.

Barua za ofisini ni rahisi zaidi. Zinaanza na mstari wa "YAH:", unaoeleza barua inahusu nini, kisha mwandishi anaendelea: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Msomaji amekisoma kichwa hicho sekunde moja iliyopita. Sentensi hiyo naiondoa kila ninaporuhusiwa, na mwandishi akisisitiza kwamba mkuu wake ataiulizia, naiacha, kwa sababu barua ni yake na mkuu ni wake.

Tangazo la kifo ni jambo jingine kabisa. Waliokua wakisikiliza matangazo ya vifo redioni wanakumbuka mpangilio: familia inasikitika kutangaza kifo, jina linafuata, halafu habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Hapa maneno ya mwanzo yana kazi. "Inasikitika kutangaza" humpa msikilizaji muda wa kushika kiti kabla jina halijatajwa, na kwa kuwa maneno hayo ni yaleyale kwa kila familia, tajiri na maskini, hayamtaki mfiwa atafute ufundi wa lugha siku ambayo hana nguvu ya kusema. Sijawahi kuyagusa maneno hayo, hata mteja aliponiomba nimtafutie "namna ya tofauti".

Mpaka kati ya masikitiko hayo na masikitiko mengine nilikuja kuuona vizuri kwa msaada wa mwenyekiti yuleyule. Miezi kadhaa baada ya mashine kuanza kazi, bei ya dizeli ilipanda, na kikundi kililazimika kuongeza ada ya kukamua. Alirudi steshenari peke yake akiwa na karatasi. Mstari wa juu ulisema "Tunasikitika kuwatangazia wateja wetu kwamba", nao ulikuwa umefutwa kwa kalamu ya bluu, kwa mkono wake. Chini yake aliandika: "Kuanzia tarehe 1, kukamua kutapanda kwa shilingi 500 kwa kila dumu, kwa sababu dizeli imepanda. Ukileta kuni zako za kuchemshia, utalipa bei ya zamani."

Nilimwuliza kama hakuona vibaya kuondoa neno la kusikitika kwa watu anaowaongezea gharama. Alisema kwamba mwenye kuni atasikitika kidogo tu, na asiye na kuni anataka kujua mapema ili azitafute. Kisha akaniomba nimhesabie herufi. Zilikuwa 151.